Nilipoanza Kuyashuku Mazoea

Mimi ni mtu wa shaka tangu utoto wangu. Mama alikuwa akisema kwamba nikipewa tende naipasua kwanza nione kama haina mdudu, na tende nzima siijui ladha yake. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani mume wangu ndiye aliyenifanya hivi. Mume wangu hakuwa na kosa lolote la kushikika, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Mwanamume mwenye makosa unajua ugomvi wenu uanzie wapi.

Alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa Kibokoni, uchochoro wa tatu kutoka kwetu, na alitengeneza milango na vitanda vya mbao za msaji. Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoolewa naye. Mwaka ninaousimulia, tulikuwa tumetimiza miaka ishirini pamoja. Mtoto wetu mmoja, binti, alikuwa ameolewa Malindi, na nyumba ilibaki na sisi wawili. Mji wenyewe ulikuwa umejaa kelele mpya. Watu wa reli walikuwa wamefika na mizigo yao, vigari vya kusukumwa juu ya reli vilipita barabara ya Ndia Kuu vikipiga kengele, na kila baraza ilikuwa na habari. Ndani ya nyumba yetu kulikuwa kimya. Kwa muda mrefu nilikiita kimya kile utulivu, na nilijivuna nacho mbele ya majirani waliokuwa wakirushiana vyombo.

Jambo lililonizindua ni kofia.

Kwetu, mwanamke humshonea mumewe kofia kwa mkono wake. Kofia si nguo ya dukani. Unakata bafta nyeupe, duara la juu na ukanda wa pembeni, unalaza uzi baina ya vitambaa viwili, kisha unatoboa vitundu vidogo vidogo na kuvizungushia sindano kimoja kimoja mpaka maua yatokee. Kofia moja nzuri inaweza kukuchukua tangu mfungo sita, mwezi wa maulidi, mpaka Ramadhani. Mwanamke akimpenda mtu, watu huyaona mapenzi yake kwenye kichwa cha mtu huyo. Mimi nilimshonea mume wangu kofia mpya kila Idi ya Ramadhani kwa miaka ishirini, na hakuna mwanamke Mji wa Kale aliyekuwa na mkono kama wangu. Sijisifu. Waliokuwapo wanajua.

Basi Ijumaa moja alirudi kutoka msikitini, akavua viatu, akakaa mkekani, nami nikamtupia jicho nikiwa na sinia ya chakula mkononi. Kofia aliyovaa haikuwa yangu. Maua yake yalikuwa makubwa, ya haraka haraka, na vitundu vilikwenda upande. Naye akajigusa kichwani, akaivua polepole, akaitia mfukoni mwa koti, akanawa mikono, akala. Nilimpakulia mchuzi mara ya pili, nikawa najiambia neno moja tu: kuna mwanamke.

Kwa wiki mbili nzima nilikuwa askari ndani ya nyumba yangu. Nililinusa koti lake alipokuwa anaoga. Nilipima muda wa kutoka karakana mpaka nyumbani kwa kusikiliza adhana na kukohoa kwake mlangoni. Nilimuuliza mwanamke wa jirani, kwa mzaha wa uongo, kama amesikia harusi yoyote ya kimya kimya mtaani. Sikupata kitu. Na kwa sababu sikupata kitu, nilizidi kushuku.

Nikaanza kumtegea mitego. Kwanza nilimpikia kahawa bila tangawizi, yeye ambaye siku za mwanzo alikuwa akisema kahawa yangu inamwita kutoka mwisho wa mtaa. Akanywa vikombe vitatu, akashukuru. Siku ya pili nilihamisha kitanda kutoka ukuta wa mashariki nikakipeleka wa magharibi. Akaingia, akazunguka, akalala. Siku ya tatu nilivaa leso mpya. Wakati ule leso zenye maandishi ndiyo kwanza zinaingia mjini, na yangu niliichagua makusudi, ina maneno ya mwanamke anayelalamika kuwa hatazamwi. Nikapita mbele yake nikiwa nimeyageuza maandishi upande wake. Alisoma, maana nilimwona midomo ikicheza. Kisha akaniuliza kama samaki wa leo ni changu au tafi.

Nilichukia. Ningetaka anipigie kelele. Ningetaka aseme leso ile mbaya.

Nikaenda kwa somo yangu. Somo ni yule mwanamke mzima anayekufunda unapoolewa, anayejua siri zako zote na haruhusiwi kuzitoa. Wangu alikuwa akiishi Kuze, mzee tayari, hana meno ya mbele, lakini ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe. Nilimweleza kila kitu: kofia, kahawa, kitanda, leso. Nilitarajia anikumbatie. Aliendelea kutafuna tambuu yake mpaka nikamaliza.

“Mwanangu,” akasema, “mitego yote wamtegea yeye. Wewe je, hujajitegea?”

“Mimi nina nini, somo?”

“Hebu nijibu. Akitelewa kurudi, moyo wako wafanya nini? Waogopa, ama wapumua?”

“Hachelewi, somo,” nikasema.

“Mara ya mwisho kumuuliza neno usilolijua jawabu lake ni lini?”

Nikaanza kukunja ncha ya leso yangu.

“Hata ugomvi hamna?”

“Hatugombani, somo.”

“Basi hapo ndipo pa kutazama. Kimya cha watu waliotosheka na kimya cha watu waliotoka, ukisikiza nje ya mlango, ni kimoja. Mpaka uingie ndani.” Akatema tambuu. “Na hiyo kofia. Kabla hujamtafuta huyo mwanamke, kichwa chake umekipima lini?”

Nilirudi nyumbani nimekasirika kwa swali hilo kuliko yote. Nilikuwa na uzi wa kipimo, una fundo mahali kichwa chake kinapoishia, na uzi huo ulikuwa ndani ya kijaluba changu cha sindano tangu mwaka wa harusi. Kila kofia niliishona kwa uzi ule. Kupima tena kwa nini, kichwa cha mtu mzima kinakua?

Alasiri ile, mume wangu akiwa amejinyoosha mkekani baada ya chakula, amelala kidogo kama ilivyokuwa desturi yake, nilimzungushia uzi kichwani taratibu. Fundo halikufika. Palibaki upana wa kidole na nusu. Amenenepa, shingo na uso na yote, na nilikuwa namwona kila siku. Nilipomtazama karibu namna ile niliona pia, juu ya nyusi, mstari mwekundu wa ngozi iliyobanwa, mstari mkongwe ulioanza kuwa mweusi. Kofia zangu ndizo zilizomchora.

Alifungua macho akanikuta nimepiga magoti na uzi mkononi.

“Zilikuwa zanibana,” akasema.

“Tangu lini?”

“Idi tatu.”

“Na hii nyingine?”

“Yuko mzee kule Makadara ashona kofia. Nikitoka, navaa yako mpaka kwenye kona, kisha nabadilisha. Nikirudi, navaa yako tena. Siku ile nilisahau.”

“Kwa nini hukuniambia?”

Alifikiri. Nampa haki yake, alifikiri kweli. “Niliona haya. Wazishona kwa taabu. Tena... niliona rahisi kunyamaza.”

Mtu mwingine angefurahi. Hapana mwanamke, hapana harusi ya siri, kuna mume aliyebanwa kichwa miaka mitatu asimvunje mkewe moyo. Mwanamke wa jirani nilipomsimulia alilia machozi ya huruma na kusema laiti yeye angelipewa mume kama huyo. Lakini mimi nililipasua jambo kama ninavyopasua tende, na ndani niliona mdudu. Miaka mitatu yeye aliona rahisi kunyamaza, na miaka mitatu mimi niliona rahisi kutotazama. Mwanamke mwingine ningempiga vita na pengine ningemshinda. Huyu adui alikuwa sisi wenyewe, tumekaa mkao mzuri, tunapakuliana wali. Nilianza kujiuliza kwa hofu ya kweli kama katika nyumba ile palikuwa na watu wanaopendana, au palikuwa na mke na mume wanaojua tu kila chombo kinawekwa wapi.

Nilirudi kwa somo, akanishauri niende kwa mama, siku nane, nisitume salamu wala nisipokee. “Usiende kwa kususa,” akanionya. Kwetu mke akisusa na kurudi kwao, mume hutuma wazee, wazee huleta maneno matamu, mke hurudi, na hakuna aliyeuliza kitu. “Enda ujisikize. Chunga utakachokikosa, moyo wako ukakililia. Ukikosa nyumba, itie pembeni. Ukikosa heshima ya kuwa mke wa mtu, nayo ni pembeni. Kisha tazama kilichosalia.”

Nilimwambia mume wangu. Nilisema, nataka kukaa kwa mama siku nane, sina hasira nawe, nataka kujua moyo wangu, na wewe ujue wako. Akasema, “Haya. Enda.” Upesi mno. Njia nzima, nimejitanda na kujifunika uso, niliyageuza maneno yale mawili kama mtu anayekagua sarafu aliyopewa na mgeni.

Nyumba ya mama ilikuwa ndogo, na mama hakuuliza. Siku ya kwanza nilikosa kitanda changu. Siku ya pili nilikosa jiko langu, kwa kuwa mama anapika nazi nyingi. Siku ya tatu nilikosa wanawake kunipisha njiani wakinijua mimi ni mke wa fulani. Yote niliyatia pembeni kama nilivyoagizwa, nikabaki nimekaa kwenye ngazi nikijichungulia. Sikuona kitu. Nililala vizuri. Nikaogopa.

Siku ya tano, mchana, kigari cha kusukumwa kilitoka kwenye reli zake chini ya dirisha la mama. Ndani yake alikuwamo mfanyabiashara mnene wa nguo, amekaa kwa heshima zake zote na mwavuli juu. Kigari kikainama upande, yeye akateremka taratibu, mwavuli bado umenyooka, mpaka akakaa chini barabarani mbele ya punda wa kubeba maji, na yule punda akamnusa kilemba. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikageuka kumwambia mume wangu.

Hayupo, bila shaka. Kilichonishika si kwamba niligeuka. Hata hilo nililishuku. Mtu aliyezoea kugeuka hugeuka. Kilichonishika ni kwamba nilijaribu kusikia atakachosema, na nisisikie. Zamani ningejua. Angesema neno juu ya punda, au juu ya mwavuli? Angemhurumia yule mtu? Pengine sasa amekuwa mtu mwenye huruma. Sikujua, na kutojua kule kulinitia hamu, hamu hasa, kifuani, ile niliyokuwa nayo nikiwa msichana nimesimama nyuma ya dirisha kusikiliza sauti yake barazani kwa baba. Nilitaka kumuuliza. Nilitaka kuketi mbele yake na kumuuliza mambo mia, kofia na punda na anawaza nini akichonga, na kusubiri jawabu.

Nikatafuta mdudu kwa siku tatu. Nilijiambia ni upweke. Nilijiambia ni haya ya kuja kuitwa mjane wa mume hai. Kila nilipoyaondoa hayo, kitu kilibaki pale pale. Siku ya nane nilioga, nikajifukiza udi, nikavaa leso isiyo na maandishi, na nilikuwa na furaha ambayo nilisahau kabisa kuishuku.

Alikuja peke yake baada ya swala ya alasiri. Hakuleta wazee. Nililipenda hilo. Mama akatutengea mkeka ukumbini, akaenda uani akaanza kukuna nazi kwa kishindo ili tujue hasikii.

Alikuwa amekonda kidogo. Au amenyoa ndevu vizuri zaidi. Nilimtazama kila mahali, kwa pupa, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi niliona jicho lake la kushoto ni dogo kuliko la kulia.

“Nimeuliza moyo wangu,” nikamwambia, “na umenijibu.” Nikataka kumweleza habari ya kigari. Nilikuwa tayari natabasamu.

“Na mimi nimeuliza wangu,” akasema. “Wataka nikwambie, ama nikustiri?”

“Niambie. Tumestiriana ya kutosha.”

Akaangalia mikono yake. Ilikuwa mikono mizuri, ina makovu ya patasi. “Siku ile ulipotoka, nilifunga mlango, nikakaa tini pale pale mlangoni. Nikapumua. Nilipumua mpaka nikashangaa, nikasema, kumbe nilikuwa nimejibana hivi? Nikadhani ni siku ya kwanza tu. Nikangoja. Siku ya pili nikangoja. Wallahi nimengoja siku zote nane nione kama utanijia moyoni. Nakuombea mema. Mtu akikusema vibaya nitampija. Lakini hukunijia, bibi. Siyui ulitoka lini.”

Nazi ilikuwa inakunwa uani. Mitego yangu yote ilikuwa imenasa, shaka zangu zote zilikuwa kweli, na sikupata hata chembe ya ile raha ya mtu aliyesema tangu mwanzo.

“Rudi nyumbani,” akasema upesi, kwa kuwa aliona uso wangu. “Nyumba ni yako. Sitakuwa mbaya kwako. Tutakaa kama tulivyokaa. Mimi nimezoea, na wewe umezoea, na watu wangapi wana hata hicho?”

Alikuwa akisema kweli. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa umewekwa mbele yangu kama sahani ya chakula. Nilijua nikirudi atakunywa kahawa yangu isiyo na tangawizi na kushukuru mpaka afe. Kabla ya Ijumaa ile ya kofia ningekubali. Wakati ule nami nilikuwa nimezoea. Tungekuwa sawa. Sasa ningekaa katika nyumba ile nikimtazama jicho lake dogo na mikono yake, nikiuliza maswali mia, naye anajibu kwa adabu, kisha akisikia mlango ukifungwa nyuma yangu anakaa tini na kupumua. Ningeisikia ile pumzi kila nitokapo. Mtu wa shaka kama mimi ningesimama nje ya mlango kuisikiliza.

“Hapana,” nikasema.

“Hapana?”

“Niwate. Niwate kwa uzuri, talaka moja, leo, mama akisikia.”

Alilia. Sikutarajia kwamba atalia, na nikalishuku chozi lake pia, nikakuta ni la kweli, la mtu anayeuaga ujana wake. Nilimwita mama. Mama akaja na mikono yake myeupe ya nazi, akasimama mlangoni. Mume wangu akasema neno lile mara moja, kwa sauti ya chini lakini yote kamili. Kwa sheria yetu alikuwa na muda wa eda yangu, karibu miezi mitatu, kunirejea kwa neno jingine la kinywa chake, bila mahari wala harusi mpya. Alilijua hilo na mimi nilijua. Neno hilo hakulitamka siku ile, wala katika siku zile zote za eda, ingawa nilizihesabu moja moja nikiwa nimekaa karibu na dirisha.

Alipoinuka kwenda zake aliuliza, kwa upole wake ule ule, kama atume mchukuzi alete sanduku langu la nguo.

Nikamwambia asitume mtu, alilete mwenyewe. Sababu niliyomwambia ni kwamba kufuli lake ni bovu. Kufuli lilikuwa zima. Nilitaka kumuona mara moja tena, na katika maisha yangu yote hilo ndilo jambo la pekee ambalo sikulitilia shaka.